Chupa Iliyofoka na Chupa Iliyonyamaza

Mwezi wa pili wa muhula, wakati bumu limeshakwisha na mabua ya kantini yanakuwa mafupi, ndipo chupa za nyumbani zinapookoa watu hosteli. Mimi zangu zilikuwa mbili. Mama alizituma kutoka Igwachanya, zikapakiwa kwenye basi Makambako ndani ya boksi la sabuni, zimefungwa magazeti na kanga kuukuu. Ndani yake mlikuwa na sosi ya nyanya: nyanya zilizosagwa, vitunguu, karoti, hoho, kitunguu saumu, pilipili kidogo, halafu juu kabisa tabaka la mafuta ya alizeti la upana wa kidole. Zilipikwa siku moja, sufuria moja, zikamiminwa kwenye chupa za jemu zinazofanana. Ukiwa na sosi ile na kilo ya mchele, wiki unaiona inapita.

Chupa ya kwanza tuliikuta imeharibika wiki ya tatu. Mfuniko, ambao ulikuwa umebonyea katikati, ulikuwa umevimba kama kitumbua. Mwenzangu wa chumbani alipouzungusha ulitoa sauti ya soda, psss, povu likapanda hadi mdomoni na mafuta yakamwagika mezani. Harufu ilikuwa ya pombe iliyolala. Hapo hakuna aliyebisha, ingawa mwenzangu huyo alianza kusema, "Tutoe ya juu tu, ya chini tuichemshe." Tulimkatalia, ikatupwa.

Ugomvi ulianza kwa chupa ya pili. Hiyo ilikuwa nzuri kabisa. Mfuniko umebonyea, rangi nyekundu safi, hakuna povu, hakuna ukungu, mafuta yametulia juu kama kioo. Chumba kizima kikasema hii ni salama, tena mfuniko umebana vizuri. Na mimi nilikuwa nakaribia kukubali, maana njaa haina shule. Makala hii ni kuhusu kwa nini hatukuila, na kwa nini ile iliyotutolea povu ndiyo iliyokuwa na uungwana zaidi.

Tuanze na ile iliyovimba, maana ni rahisi. Chakula kikioza ndani ya chupa iliyofungwa, mara nyingi wanaokiozesha ni hamira za porini au bakteria wanaokula sukari na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, basi inasukuma mfuniko. Sisi wa Njombe tunaijua kazi hiyo tangu utotoni. Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu, mtoto anaweza kunywa. Ukiuziba kwenye kidumu na kuuacha, kesho yake kidumu kimevimba na kinywaji kimekuwa kikali. Hakuna aliyeweka kitu humo. Viumbe walikuwemo tayari, wakapata sukari na joto. Chupa ya sosi inayovimba ni kidumu cha ulanzi, tofauti ni kwamba hujui nani anafanya kazi humo ndani.

Dalili nyingine za kuonekana ni chache na zinakumbukika. Mfuniko ukiubonyeza katikati na unarudi juu kwa mlio wa "tik", basi hewa imeingia au gesi imetoka. Maji ya achari yaliyokuwa maangavu yakawa na ukungu wa maziwa, vipovu vikipanda vyenyewe chupa ikiwa imetulia, mboga zikawa na utelezi, au mchuzi ukachuruzika pembeni mwa mfuniko ukakauka, hizo zote ni sababu ya kutupa. Kuna vitu viwili vinavyotisha watu bure. Kitunguu saumu kikiwa ndani ya siki kinaweza kugeuka buluu au kijani. Hiyo ni kemia ya kitunguu chenyewe ikikutana na asidi, haikudhuru. Na achari iliyochachushwa kwa chumvi, bila siki, huweka unga mweupe chini ya chupa na maji yake huwa na ukungu kidogo, hiyo ni kawaida yake.

Ukungu wa juu unahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuukwangua kwa kijiko na kuendelea kula. Kwenye sosi ya nyanya ukungu hauishii kukaa juu na kuchafua. Ukungu unakula asidi. Kadiri unavyotanda ndivyo sehemu iliyo chini yake inavyopoteza uchachu, na uchachu huo ndio ulikuwa mlinzi wa chupa nzima. Ukikwangua unaondoa kile kinachoonekana, unabaki na sosi ambayo mlinzi wake ameshaondoka. Ndiyo maana jibu la chupa yenye ukungu si kuchemsha tena. Ni shimo la taka.

Sasa ile iliyonyamaza.

Kuna bakteria anaitwa klostridiamu botulinamu. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo yuko kwenye karoti, kitunguu, kitunguu saumu na kila kitu kinachochimbwa. Akiwa udongoni hana shida na mtu, kwa sababu hewa ya oksijeni inamzuia kukua. Anachofanya ni kujifungia ndani ya ganda gumu, linaitwa spora, na kusubiri. Spora hiyo haifi kwa maji yanayochemka. Unaweza kupika sosi saa nzima, ukaua hamira zote, ukungu wote na bakteria wa kawaida wote, yeye akabaki. Na hapo umemfanyia hisani mbili: umewaondoa washindani wake, na ulipofunga mfuniko ukiwa wa moto umeiondoa hewa. Tabaka la mafuta juu linamalizia kazi. Chakula kikipoa hadi joto la chumbani, spora inaamka, inakua, na inatoa sumu ambayo kiasi chake kidogo sana kinatosha kulegeza misuli ya mtu mzima, ikiwemo ile ya kupumua.

Jambo la kutisha ni kwamba anaweza kufanya haya bila harufu, bila povu, bila kubadilisha rangi. Mfuniko uliobonyea vizuri, ambao chumbani kwetu ulikuwa hoja ya kula, unathibitisha kitu kimoja tu: kwamba ndani hamna hewa. Kwa kiumbe huyu hiyo ni habari njema.

Si hadithi ya mbali. Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda waliugua ugonjwa huu, botulismu. Wote walilazwa, mmoja akafariki. Wachunguzi walipohoji nani alikula nini, ilionekana wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na hicho ndicho kilichodhaniwa kuwa chanzo. Sumu ya aina A ilithibitishwa kwenye sampuli za wagonjwa. Taarifa ya kitaalamu ya tukio hilo ilichapishwa mwaka 2014. Mimi nilipoisoma nilijiuliza ni mara ngapi nimekaa bwenini, kijiko kimoja, chupa moja, watu sita.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa unaweza kuwahi au kuchelewa. Mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi, kumeza kunakuwa shida, kisha udhaifu unashuka mikononi na miguuni. Kwa kawaida hakuna homa na akili iko timamu. Ukiona hivyo kwa mwenzako usimpe maziwa wala mkaa wa kienyeji, mkimbize hospitali na umwambie daktari alikula nini kutoka kwenye chupa.

Basi, kama kuchemsha hakumuui na macho hayamuoni, nini kinamzuia? Uchachu. Hapa ndipo somo langu la kufundishia, kemia, lilipokuwa na faida nje ya mtihani. Uchachu tunaupima kwa kipimo cha pH, namba ikishuka asidi imepanda. Siki na maji ya limau ziko kwenye 2 na kitu, maji safi yako 7. Mpaka wa kukumbuka ni 4.6. Chini ya hapo, spora ya botulinamu haiamki. Inaweza kukaa ndani ya chupa mwaka mzima imelala, ukaila, ikapita. Juu ya hapo, ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo ndani ya friji, hakuna cha kuitegemea.

Bahati mbaya nyanya zinakaa hapo hapo mpakani. Aina moja inaweza kuwa 4.2, nyingine 4.7 au zaidi, na nyanya iliyoiva mno au iliyoguswa na baridi shambani hupoteza uchachu. Halafu sisi tunaongeza vitu. Karoti iko karibu na 6, kitunguu kiko kwenye 5 na kitu, hoho na kitunguu saumu pia. Kila kikombe cha karoti unachomimina kwenye sufuria ya nyanya kinaivuta namba kwenda juu.

Nilimpigia mama nikamuuliza alipikaje. Alinieleza vizuri, kwa fahari, na mwisho akasema, "Na nikatia ile soda ya kuokea kidogo, mwanangu, maana nyanya za safari hii zilikuwa na ukali." Nilikaa chini. Soda ya kuokea, kama magadi, inaua asidi kabisa. Angeongeza sukari isingekuwa na neno, kwa sababu sukari inaficha uchachu ulimini na pH inabaki pale pale. Soda inauondoa wenyewe. Na ndiyo maana ulimi si kipimo: sosi tamu inaweza kuwa na asidi ya kutosha, na ile inayoonekana "imetulia" mdomoni inaweza kuwa haina.

Nilimwomba fundi wa maabara anisaidie na mita ya pH. Karatasi za rangi za shuleni hazifai kwa kazi hii, zinakuonyesha namba nzima nzima, 4 au 5, na wewe unataka kujua upande gani wa 4.6. Tulifungua chupa ya pili tukiwa na glavu, hatukuonja, tukasaga kijiko cha sosi kutoka katikati ili karoti na mchuzi viwe kitu kimoja. Mita ikasoma 5.1.

Namba hiyo haisemi kwamba sumu ilikuwemo. Inasema kwamba hakuna kitu kilichokuwa kinaizuia isiwemo. Tofauti hiyo mwenzangu wa chumbani alikataa kuielewa kwa siku mbili. Aliniuliza pia, swali zuri, kwa nini tusiichemshe tu, maana sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibika kwa kuchemshwa. Ni kweli, dakika 10 za kuchemka sawasawa huiharibu, na huku kwetu milimani zaidi. Lakini lazima kila tone lichemke, pamoja na lililobaki kwenye ukingo wa chupa, kwenye kijiko na kwenye kidole ulicholamba. Hiyo ni hatua ya mtu ambaye hana njia nyingine, na sisi njia tulikuwa nayo. Tuliifunga tena, tukaitia ndani ya mifuko miwili, ikatupwa mahali ambapo mbwa na kuku hawafiki, na meza ikafutwa kwa maji yenye dawa ya klorini.

Likizo nilirudi Igwachanya na kipande cha karatasi kilichojaa namba, na nikajifunza kwamba huwezi kumwambia mama yako chakula chake ni cha hatari kwa kumsomea namba. Nilisalimia, nikakaa siku mbili, nikamsaidia kumenya. Siku ya tatu nilimweleza habari ya Uganda. Aliacha kukata vitunguu. Kisha akasema, "Sasa tufanyeje, niache?" Nikamwambia hapana, tunabadilisha mambo matatu.

La kwanza, ndani ya chupa inaingia nyanya peke yake na chumvi. Kitunguu, karoti, hoho na mafuta vinaingia siku ya kupika, kule chuoni, kwenye sufuria. Mama hakulipenda hili, alisema sosi itakuwa "ya hospitali". Lakini ndilo lililotuondolea nusu ya tatizo kwa siku moja.

La pili, kila chupa ya nusu lita inapata asidi yake, inapimwa chupa kwa chupa badala ya kumiminwa sufuriani kwa kukadiria: kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau ya chupa yenye lebo, au robo kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki. Chupa ya lita moja, mara mbili ya hapo. Malimau mabichi ya sokoni ni mazuri kwa chai, ila uchachu wao unatofautiana tunda kwa tunda, kwa hiyo kwa kazi hii tulinunua unga. Siki nayo inawezekana, vijiko viwili vikubwa kwa nusu lita, mradi lebo iseme asilimia 5. Uchachu ukizidi mdomoni, ongeza sukari. Soda ikae na maandazi.

La tatu ni muda. Asidi inamzuia botulinamu, lakini hamira na ukungu hawaiogopi kiasi hicho, na hao wanauawa kwa joto. Sasa Njombe mjini pako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi badala ya 100. Yanaruka vile vile sufuriani, yanaunguza vile vile, ila yana joto pungufu. Chupa za nusu lita za nyanya zilizopikwa, ambazo pwani zingekaa dakika 35 ndani ya maji yanayochemka, huku zinahitaji 50 mara ukivuka mita 1,800 hivi. Mimi sikupima mwinuko wa jiko letu, tukachukua 50. Chini ya sufuria tuliweka kitambaa ili chupa zisigonge chuma na kupasuka, maji yakafunika mifuniko kwa vidole viwili, na dakika zilianza kuhesabiwa maji yalipoanza kuruka, siyo sufuria ilipoinjikwa. Juu ya nyanya tuliacha nafasi ya sentimita moja na kidogo. Mifuniko ilikuwa mipya. Ile ya zamani, hata ikionekana nzima, mpira wake umeshachukua alama ya mdomo wa chupa nyingine na hewa inapita.

Achari ni rahisi zaidi, na kwa mwanafunzi ndiyo ningeipendekeza kwanza, kwa sababu asidi yake hauikadirii kutoka kwenye tunda, unaimimina. Siki ya asilimia 5 na maji nusu kwa nusu ndiyo kiwango cha chini cha kufunika karoti na pilipili. Ukizidisha maji ili siki itoshe chupa nyingi zaidi umevunja mlinzi. Karoti zikatwe nyembamba, kwa sababu katikati ya kipande kinene siki inachukua siku nyingi kufika. Na kila kipande kibaki chini ya mchuzi. Kile kinachochungulia juu ndicho kinachoota ukungu, na ukungu tumeshauona unakula nini.

Kile kiungo cha pilipili na kitunguu saumu ndani ya mafuta, kinachopendwa kuliko vyote hosteli, sina namna ya kukifanya kikae mezani. Mafuta hayana asidi na hayaruhusu hewa, na siki haijichanganyi nayo. Kitengeneze kidogo, weka kwenye friji, kiishe ndani ya siku nne. Huna friji, tengeneza cha leo.

Nilirudi chuoni na vijichupa vitano vya sampuli. Mita ilisoma kati ya 4.0 na 4.2 kwa vyote. Nilimtumia mama picha ya kioo cha mita. Akanijibu kwa sauti, nasikia jiko linanguruma nyuma yake: "Nimeona. Hiyo nne ni nzuri au mbaya?" Nikamwambia ni nzuri. "Haya. Basi nunua vitunguu huko huko."

Mwezi uliopita boksi la sabuni limefika tena, chupa sita. Kila mfuniko una plasta yenye tarehe na herufi moja, S, maana yake sitriki imetiwa. Chupa moja haikuwa na herufi. Nilimpigia, akafikiri kidogo, akasema labda alisahau kuandika, labda alisahau kutia. Hiyo tumeitupa bila kuifungua.